Kituo cha kazi ni wapi? Kisa cha mhasibu wa Dodoma aliyeitwa kurudi Dar

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi Ijumaa jioni, tarehe 1 Agosti 2025. Kuanzia Jumatatu tarehe 18, wafanyakazi wote wataripoti makao makuu, Dar es Salaam, siku tatu kila wiki: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Mstari wa mwisho ulisema, "Muda wa kupumzika majumbani umekwisha."

Mhasibu ninayemzungumzia hapa aliusoma ujumbe huo akiwa jikoni kwake Nzuguni, Dodoma. Jumapili mchana alikuwa sebuleni kwangu. Nimefanya kazi za rasilimali watu kwa miaka mingi kabla sijaacha kuajiriwa, na sasa watu huniletea makaratasi yao tuyapange kabla hawajaamua kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo nilitarajia aanze na nauli, au na mtoto wake aliye darasa la kwanza. Alianza na neno moja: kupumzika.

Ninalielewa hilo neno lilivyomuuma. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, alinunua betri na inveta kwa pesa yake, akaviweka chini ya meza kwenye chumba cha mtoto. Hesabu za kufunga mwaka alizifanya usiku, intaneti akiivuta kwenye simu. Hakuwahi kuchelewesha ripoti. Leo mtu aliyekuwa akizipokea ripoti hizo saa mbili asubuhi anamwambia alikuwa amepumzika.

"Dada, siendi," akaniambia. "Wanifukuze kama wanataka. Au niandike barua ya kuacha kazi kesho, yaishe."

Nilimwambia, "Mdogo wangu, hizo njia mbili ndizo mwajiri wako angependa uchague." Nieleze kwa nini.

Tuanze na ya kwanza, kukaa nyumbani siku hiyo ya tarehe 18. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazokwenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataja kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kama kosa linaloweza kumfikisha mtu kwenye kuachishwa. Siku tatu kwa wiki maana yake ni kwamba katikati ya wiki ya pili tayari ana siku tano, na siku inayofuata ameshavuka. Kuanzia hapo kesi haitakuwa tena kama mwajiri alikuwa na haki ya kumhamisha. Itakuwa kesi ya mtoro, na yeye ndiye atakayejieleza mbele ya kikao cha nidhamu.

Ya pili, kuacha kazi kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kuandika barua ya kuacha kazi na bado ikahesabiwa kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha, endapo mwajiri alifanya kazi isivumilike. Lakini mzigo wa kuonyesha hivyo uko kwa aliyeacha, na mzigo huo ni mzito. Swali la kwanza analoulizwa ni hili: ulilalamika rasmi kabla ya kuondoka? Aliyeandika "naacha kazi kwa sababu binafsi" ili aondoke kwa heshima ameshajifungia mlango. Halafu kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu. Anayeacha kwa hiari hapati.

Basi nikamwomba anionyeshe makaratasi. Yalikuwa matatu yenye uzito.

La kwanza ni mkataba wa Februari 2017. Kituo cha kazi: "Dar es Salaam, au popote mwajiri atakapompangia." La pili ni barua ya Machi 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, iliyowataka wafanye kazi nyumbani "kwa muda, hadi itakapoelekezwa vinginevyo". La tatu ni barua pepe ya Juni 2021. Mume wake, mtumishi wa umma, alikuwa amehamishiwa Mji wa Serikali, Mtumba, naye akamwandikia meneja wake kuomba kuhamia Dodoma na kuendelea na kazi akiwa huko. Jibu la meneja lilikuwa na mstari mmoja: "Hamna shida, ilimradi kazi ziende."

Ukiyasoma haya matatu peke yake, mwajiri ana hoja nzuri, na nilimwambia hivyo bila kumficha. Atasema hajabadilisha chochote. Mkataba ulisema Dar, barua ilisema kwa muda, na "hamna shida" ni hisani ya meneja ambayo haikugusa masharti ya ajira. Watu wengi waliozoea kazi ya nyumbani hawalioni hili mpaka siku ya kuitwa. Miaka inapita, mtu anapanga maisha yake yote juu ya ruhusa, na ruhusa hiyo haikuwahi kuandikwa mahali panapohusika.

Mahali panapohusika ni ile karatasi ya taarifa za ajira. Kifungu cha 15 cha Sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo kadhaa, na mahali pa kufanyia kazi ni mojawapo. Likibadilika jambo lolote kati ya hayo, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, arekebishe taarifa hizo, kisha amjulishe kwa maandishi. Kampuni hii haikurekebisha chochote, si mwaka 2021 wala baadaye. Kwa hiyo mgogoro mzima ulikuwa juu ya swali moja: je, kati ya Juni 2021 na Agosti 2025, mahali pake pa kazi palishakuwa Dodoma? Kama ndiyo, kumrudisha Dar ni badiliko linalodai mashauriano. Kama siyo, ni amri halali ya kumrudisha mtu kwenye meza yake.

Nikamuuliza swali ambalo huwa nawauliza wote: ulipokuwa ukienda Dar kikazi, nani alilipa?

Akashangaa. "Kampuni, dada. Nilikuwa najaza fomu ya safari, napewa nauli na posho."

Tukazitafuta kwenye barua pepe zake. Zilikuwa 14. Kila baada ya miezi michache alikuwa akiitwa Dar kwa ajili ya kufunga hesabu au kukaa na wakaguzi, na kila mara alijaza fomu ileile. Juu ina jina na cheo. Chini yake kuna kisanduku cha "Kituo cha kazi", na hapo ameandika Dodoma. Kinafuata cha "Aendako", ameandika Makao Makuu, DSM. Kisha idadi ya siku za kulala nje ya kituo, kiwango cha posho, na mwisho saini ya meneja aliyeidhinisha. Ni meneja yuleyule wa "hamna shida", na ndiye aliyeandika tangazo la Agosti.

Hizo fomu ndizo zilizogeuza kisa. Posho ya kujikimu hulipwa mtu anapokwenda kikazi nje ya kituo chake. Hakuna kampuni inayomlipa mfanyakazi posho ya kulala kwa sababu amekuja kwenye meza yake mwenyewe. Kwa kusaini mara 14, mwajiri alikuwa amekiri mara 14, kwa mkono wake, kwamba kituo cha mtu huyu ni Dodoma na Dar ni safari. Na kwa kuwa mwajiri ndiye aliyeacha kurekebisha taarifa za ajira, shauri likifika mbele ni shida kwake. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mwajiri akishindwa kuleta taarifa za maandishi, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa linamwangukia yeye.

Yeye kama mhasibu aliona jambo jingine ambalo mimi nisingeliona upesi. Posho zile zililipwa bila kukatwa kodi, kama fidia ya gharama za safari ya kikazi. Kampuni ikisema sasa kwamba kituo chake kilikuwa Dar muda wote, malipo hayo yanaanza kuonekana kama sehemu ya mshahara iliyopita bila kodi. Alitaka kuliandika hilo kwenye barua. Nilimkataza. Ni hoja ya kweli, ila ukiitanguliza inasomeka kama kitisho, na mwajiri aliyetishwa huacha kuzungumza na wewe akaanza kuzungumza na wakili. Fomu zenyewe zinatosha, na mhasibu mkuu wa kule anajua kuzisoma.

Nilimkataza pia kuingia kwenye mfumo wa kampuni kukusanya vocha nyingine. Alikuwa na nakala zilizotumwa kwake kama mwombaji wa safari. Hizo ni zake. Kuchota nyaraka za wengine kungempa mwajiri kosa la kumshitaki nalo.

Baada ya hapo tukapiga hesabu ya kurudi, kwa sababu meneja alikuwa ameshaandika kwenye kundi kwamba "SGR ipo, Dodoma na Dar siku hizi ni jirani". Na ni kweli kwamba treni imebadilisha mambo. Tangu Julai 2024 safari iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa basi inakwenda kwa saa tatu na nusu hadi nne. Lakini treni inafupisha saa, haifuti gharama. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,300,000. Akikatwa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mapato, anabaki na takriban 991,000. Nauli ya treni ya kawaida ni 31,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 62,000 kwa wiki, kama 268,000 kwa mwezi. Chumba cha bei nafuu alichoulizia Dar ni 150,000. Chakula na daladala kwa siku tatu za kila wiki, tukiweka 10,000 kwa siku, ni 130,000. Jumla 548,000. Zaidi ya nusu ya anachopeleka nyumbani ingeishia njiani, na bado hatujamlipa dada wa kumwangalia mtoto jioni.

Hesabu hiyo ina kazi yake kisheria. Kama kampuni kweli haiwezi kuwa na mhasibu aliye Dodoma, njia iliyonyooka ni kupunguza mfanyakazi kwa mahitaji ya uendeshaji: kumpa taarifa ya kusudio, kumweleza sababu, na kushauriana naye jinsi ya kuepuka kumwachisha. Ikishindikana, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo anayodai, na kiinua mgongo. Mshahara wa siku moja unapatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku 5 za kazi za wiki. Kwake ni kama 60,000. Mara siku 7, mara miaka 8 iliyokamilika, ni takriban 3,360,000. Aliposikia alinyamaza kidogo. Miaka minane, na kiasi chenyewe hakifiki mishahara mitatu.

Sasa, sheria inamnyima kiinua mgongo mtu anayeachishwa kwa mahitaji ya uendeshaji huku amekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa na mwajiri. Mwajiri anaweza kusema, "Tulimpa nafasi Dar, akakataa." Hapo ndipo karatasi ya 548,000 inapojibu. Anayesema "sitaki tu kurudi" amekataa. Anayeweka mezani nauli, kodi ya chumba na kilichobaki mfukoni ameeleza kwa nini pendekezo halibebeki.

Tulikubaliana aende, na aandike. Barua aliyoituma tarehe 11 Agosti haikuwa ndefu. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Nitaripoti Makao Makuu tarehe 18 Agosti kama nilivyoelekezwa. Kuripoti kwangu kusichukuliwe kuwa nimekubali kuwa kituo changu cha kazi ni Dar es Salaam. Tangu Juni 2021 kituo changu ni Dodoma, kama inavyoonekana kwenye barua pepe na fomu 14 za safari nilizoambatisha. Naomba kikao cha mashauriano kuhusu badiliko hili kabla halijawa la kudumu, na naambatisha mchanganuo wa gharama."

Neno kupumzika halikuwemo. Aliliandika kwenye rasimu ya kwanza, aya nzima, na nilimwacha aliandike mpaka likamtoka, ndipo tukaitoa. Nilimwambia ailete kikaoni kwa mdomo, maana jambo kama hilo hueleweka zaidi likisikika kutoka kwa mwenye nalo.

Kwenye kalenda tukaweka tarehe 30 Septemba. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 60. Unaohusu kuachishwa una siku 30 tu. Tulihesabu kuanzia siku ya tangazo, ingawa angeweza kubishana kwamba mgogoro ulianza siku ya kuripoti. Siku za Tume ni heri uzihesabu kwa upande unaokubana.

Kikao kilifanyika wiki yake ya pili Dar. Na hapa lazima nimtendee haki meneja, kwa sababu alikuwa na shida ya kweli. Ofisi ilikuwa imeajiri vijana wawili wa hesabu mwaka huo. Mara mbili malipo ya msambazaji mmoja yalikuwa yametoka mara mbili, kwa sababu kijana alikuwa na swali dogo na hakuwa na wa kumuuliza kwenye meza ya jirani, akaona aibu kupiga simu. Mtu aliyefundishwa kazi kwa kukaa pembeni ya mkubwa wake analijua hili. Kosa la meneja ni kwamba badala ya kusema shida hiyo aliwatangazia watu wote kwamba walikuwa wamelala.

Mhasibu alimwambia hivyo. Alimwambia pia habari ya betri chini ya meza. Meneja, kwa maelezo yake, alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, hilo la kupumzika halikuwa lako." Hakuomba radhi zaidi ya hapo.

Walichokubaliana kiliandikwa mwezi Septemba. Kituo cha kazi: Dodoma. Atakwenda Dar wiki ya kwanza ya kila mwezi, ya kufunga hesabu, kwa nauli na malazi ya kampuni bila posho. Usimamizi wa wale vijana, uliokuwa wake, umekabidhiwa mhasibu mwingine aliyeko Dar, na posho yake ya madaraka, shilingi 120,000 kwa mwezi, imeondoka nao. Alilia kwa ajili ya hiyo posho, nami sikuona neno la kumfariji. Aliyekuwa naye sawa sasa ni mkubwa wake, kwa sababu ya umbali.

Mwenzake mmoja aliyekuwa akifanya kazi akiwa Singida hakufika mbali hivyo. Usiku uleule wa tangazo alituma ujumbe kwenye kundi: "Nimeacha kazi, asanteni." Alinipigia Septemba 15, siku ya 45. Zile 30 zilikuwa zimepita, kwa hiyo kabla ya kusikilizwa chochote angelazimika kwanza kuiomba Tume imruhusu kuleta shauri nje ya muda, na kueleza sababu ya kuchelewa. Nilimuuliza sababu. Akasema alikuwa anasubiri wampigie simu wamwombe arudi.

Yeye pia alikuwa na fomu za safari. Tisa.

Mhasibu wa Nzuguni amenipigia juzi akiwa kwenye treni, anarudi nyumbani. Karatasi yake mpya ina kipengele kinachosema mpango utapitiwa baada ya miezi 12. Aliniuliza ahifadhi nini. Nilimwambia tiketi za kila mwezi, na kila mahali mtu mwingine anapoandika "Kituo: Dodoma" na kutia saini.